Barua ya mwalimu kwa kinyozi mpya: uchambuzi wa kisa kimoja

Mteja huyu alifika kwenye saluni yangu Temeke Jumamosi moja asubuhi, akasimama mlangoni mpaka nilipomaliza kichwa nilichokuwa nacho, kisha badala ya kukaa kitini akanikabidhi karatasi mbili zilizokunjwa. Aliniamkia, akanionyesha karatasi kwa kidole, akakaa kwenye benchi kusubiri niisome. Nimenyoa kwa miaka kumi na minne na nilikuwa sijawahi kupewa barua na mteja. Wengi huja na picha kwenye simu, na wengine husema tu, "Nipunguzie." Barua hii naichambua hapa kwa ruhusa yake, bila jina lake, kwa sababu ndani yake mlikuwa na karibu kila kitu ambacho kinyozi anahitaji kukijua kuhusu kichwa kigeni, na pia mlikuwa na ombi moja ambalo barua yenyewe ililipinga.

Aliandika hivi:

"Ndugu kinyozi, salaam.

Naomba radhi kwa kukuandikia badala ya kuzungumza nawe. Nasikia kwa msaada wa vifaa viwili ninavyovaa nyuma ya masikio, na nikishavivua ili uninyoe, sauti ya kawaida siipati kabisa. Mara nyingi kinyozi huniuliza jambo nikiwa kitini, nami huitikia kwa kichwa bila kujua nimekubali nini. Mitindo miwili ya mwisho niliyonyolewa ilitokana na kuitikia kwa namna hiyo.

Kwa miaka sita nilinyolewa na mzee mmoja mjini Morogoro, kila baada ya wiki tatu. Alitumia namba mbili juu na namba moja pembeni, wala hakupitisha wembe mahali popote. Sikuwahi kupata vipele. Nakumbuka mkono wake ulikuwa ukitoka utosini kuja mbele, hata nikawa naona nywele zikianguka usoni.

Nilihamia Dar es Salaam mwezi Machi. Kinyozi wa kwanza nilimwambia namba mbili vilevile, lakini nilipotazama kioo ngozi ilikuwa inaonekana. Ukosi aliumalizia kwa wembe. Siku ya tatu vilitoka vipele tisa ukosini. Saba vilikauka ndani ya wiki mbili, viwili vimebaki hadi leo, vigumu kama punje ya mtama.

Kinyozi wa pili nilimzuia asiguse ukosi. Pembeni kuzunguka masikio alishusha hadi kwenye ngozi, na hapo sikupata kipele hata kimoja. Mbele alichonga, na laini ya nywele ikarudi nyuma karibu upana wa kidole cha mwisho. Baada ya siku kumi vinyweleo viliota mbele ya laini kama mabua shambani.

Nywele zangu ni za kipilipili na ni nzito. Utosini nina pia mbili, yaani nywele huota kwa kuzunguka mahali pawili, kushoto na kulia, na nywele zilizo katikati yake husimama. Panja la kulia lina nywele chache kuliko la kushoto. Nyuma ya sikio la kushoto nina kovu la utotoni lisiloota nywele. Spiriti hunichoma sana.

Naomba fedi inayoanzia kwenye ngozi kuzunguka masikio na ukosi, ipande taratibu, na juu zibaki nywele za kuchana kidogo. Mbele naomba laini iliyonyooka yenye kona. Ndevu ziungane na nywele za pembeni. Nafundisha sekondari, hivyo nisingependa kiduku wala michoro.

Ukitaka kuniuliza, niguse begani mara moja, kisha nionyeshe kwenye kioo au niandikie. Nikiinua kiganja, tafadhali simama kwanza.

Ahsante."

Barua iliishia hapo, na niliisoma mara mbili kabla sijamwita kwenye kiti.

Sentensi iliyonifundisha mengi kuliko zote ni ile ya mkono wa mzee wa Morogoro uliokuwa ukitoka utosini kuja mbele. Mwalimu aliiandika kama kumbukumbu tu, bila kujua kwamba ndiyo inayoeleza kwa nini namba mbili ya Morogoro na namba mbili ya Dar es Salaam zilitoa vichwa viwili tofauti. Namba ni jina la kile kichana cha plastiki kinachovalishwa mashine, na kwa vichana vingi tunavyotumia, namba moja huacha nywele za milimita 3, namba mbili milimita 6, namba tatu milimita 10 na namba nne milimita 13. Lakini vipimo hivyo hutimia pale tu mashine inapopinga nywele, yaani inapokwenda kinyume na upande zinakoelekea, kwa kuwa hapo nywele huinuliwa na kukatwa zikiwa zimesimama. Mashine inapofuata nywele, nyingi hulala chini ya kichana na kupita bila kukatwa hadi mwisho, na kinachobaki huwa kirefu zaidi. Kwa watu wengi nywele za juu huota kuelekea mbele kutoka utosini. Mzee yule, kwa hiyo, alikuwa akifuata, na kinyozi wa kwanza wa hapa bila shaka alianzia kwenye paji la uso akapanda kuelekea utosini, akapinga. Wote wawili walitumia namba mbili na hakuna aliyedanganya.

Kuna jambo la pili linaloongeza tofauti hiyo, nalo ni kile kimkono cha pembeni ya mashine, ambacho kikifunguliwa huyasogeza meno nyuma na kuacha nywele ndefu kidogo kuliko kikifungwa. Vinyozi wengi huacha kimkono pale kilipoachwa na mteja aliyetangulia, na tofauti yake huonekana zaidi kwenye namba ndogo. Mteja anayesema "namba mbili" bila kueleza matokeo anayoyataka huwa ametaja kifaa badala ya kutaja nywele. Huyu alieleza yote mawili, namba na kile alichokiona kwenye kioo, na ndiyo maana niliweza kuwaelewa vinyozi wawili ambao sijawahi kukutana nao.

Sasa nije kwenye lile ombi linalopingana na barua yenyewe. Aliomba fedi inayoanzia kwenye ngozi hadi ukosini, wakati aya tatu juu yake alikuwa ameshaeleza kuwa kunyolewa hadi ngozi ukosini ndiko kulikomletea vipele tisa, viwili kati yake vikiwa bado vipo. Naamini hakuona kwamba yanagongana, kwa sababu katika mawazo yake mkosaji alikuwa wembe, na fedi hufanywa kwa mashine. Mashine ndogo ya kuchongea ikisawazishwa meno yake yakakaa sawa kabisa hukata karibu sana na ngozi, na kwa nywele za kipilipili huo ndio mwanzo wa tatizo. Unywele wa aina hii hutoka kwenye ngozi ukiwa tayari umepinda. Ukikatwa chini sana, na hasa ngozi ikiwa imevutwa kwa kidole ili laini itoke safi, ncha iliyobaki huwa kali kama kijiti kilichochongwa, na unapoota tena hupinda njiani ukaichoma ngozi kutoka ndani au ukatoka nje na kurudi kuingia pembeni. Mwili hupambana na unywele huo kama unavyopambana na mwiba, ndipo kipele kinapotokea. Hili halitokei dakika ile ile ya kunyoa. Huonekana siku ya pili au ya tatu, na mteja aliyeondoka akitabasamu hana namna ya kumwonyesha kinyozi wake isipokuwa arudi.

Ukosi una hatari ya ziada ambayo pembeni ya masikio haina. Kola ya shati husugua hapo kutwa nzima, jasho hukusanyika hapo, na kwa baadhi ya wanaume vipele vya mahali hapo havikauki bali huwa vigumu, huungana, na mwisho hugeuka kuwa makovu yaliyovimba ambayo nywele haziwezi tena kuota juu yake. Mwalimu alikuwa na viwili vilivyokwisha kuwa vigumu. Nilivishika kwa ncha ya kidole baada ya kumwomba ruhusa: vilikuwa upande wa kulia, chini kidogo ya mstari wa nywele, havijai hata kimo cha punje ya mchele, na kimoja kilikuwa na unywele uliojikunja ndani yake ukionekana kama uzi mweusi chini ya ngozi. Kinyozi asiye mwangalifu huviona vitu hivi kuwa uchafu wa kuondolewa, akavipitishia mashine mara tatu ili eneo litoke laini, na hapo ndipo kipele cha wiki mbili kinapogeuzwa kuwa kovu la miaka.

Barua yenyewe ilikuwa imenipa ushahidi wa kumjibu. Kinyozi wa pili alishusha hadi ngozi kuzunguka masikio na hakukutoka kipele. Ina maana ngozi ya mtu huyu inavumilia kunyolewa karibu pembeni, lakini ukosini haivumilii. Kwa hiyo nilichukua kalamu nikamwandikia nyuma ya karatasi yake: "Fedi ya ngozi nitaifanya kuzunguka masikio. Ukosini nitaishia kwenye nusu namba, milimita 1.5, bila wembe na bila mashine ya kuchongea. Kwa mbali itaonekana kivuli, si ngozi. Nikishuka hadi ngozi, vipele vitarudi." Alisoma, akanyamaza kidogo, akajishika kisogo, kisha akaandika chini yake neno moja, "Sawa." Afadhali neno lile lililoandikwa kuliko kichwa kinachoitikia.

Pamoja na ukamilifu wake, barua ilikuwa imeacha mambo matatu ambayo sikuweza kuanza bila kuyajua, nami nikayauliza kwa maandishi kabla hajavua vifaa vyake. La kwanza lilikuwa siku aliyonyolewa mara ya mwisho. Alijibu siku 26. Nywele za kichwani huota karibu sentimita moja kwa mwezi, na za kipilipili aghalabu huwa pungufu kidogo, kwa hiyo nilijua ninachokiona ni takriban ukuaji wa wiki nne, na laini ya mbele iliyosukumwa ilikuwa tayari imeanza kujirudi. La pili lilikuwa kama vile viwili vya ukosini huuma, hutoa maji au hutoa damu. Akasema kimoja huacha alama ya damu kwenye kola akivaa shati gumu. La tatu lilikuwa jinsi anavyonyoa ndevu zake, jambo ambalo hakuligusa kabisa ingawa aliomba ziunganishwe na nywele. Akajibu kwamba hutumia mashine, kwa kuwa wembe humtoa vipele chini ya taya. Jibu hilo la tatu lingekuwemo kwenye barua, lingetosha peke yake kunionya kuhusu ukosi, maana ngozi inayolalamika chini ya taya na ngozi inayolalamika kisogoni mara nyingi husema jambo moja.

Lile jibu la damu lilibadilisha utaratibu wangu wa vifaa. Kipele kinachotoa damu kikiguswa na meno ya mashine, damu hiyo hubaki kwenye meno hata kama macho hayaioni, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai juu ya kifaa kikavu kwa siku saba au zaidi. Wateja wengi huridhika wakiona mashine ikipulizwa spiriti kwa sekunde moja, lakini spiriti iliyopulizwa juu ya nywele na mafuta haifiki kwenye chuma. Nililazimika kwanza kuyapiga meno brashi hadi nywele zote ziishe, nikayafuta mafuta kwa kitambaa, ndipo nikayalowesha kwa spiriti ya asilimia 70 na kuyaacha yakauke yenyewe. Nilifanya hivyo kabla ya kumnyoa, na nikarudia baada yake kabla ya mteja aliyefuata, ingawa alikuwa ameanza kulalamika kuhusu foleni. Mashine ya kuchongea niliiweka mbali na ukosi kabisa. Na kwa kuwa aliandika kwamba spiriti humchoma, sikumpaka kichwani. Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, nikamfuta kwa kugusagusa badala ya kusugua. Ule mchomo wa spiriti ambao wengi wetu hapa nchini tumeuzoea kama alama ya usafi hauzuii unywele kupinda, na kwenye ngozi iliyokwisha kukwaruzwa huongeza tu ukavu na mwasho.

Kuhusu vifaa vyake vya kusikia, nilikuwa na mengi ya kujifunza. Alinieleza kwa maandishi kwamba tundu dogo la juu la kifaa ndilo linalopokea sauti, na kwamba vipande vya nywele vikiingia humo sauti huwa ya kukwaruza mpaka kisafishwe. Mashine ikikaribishwa wakati amekivaa, kelele yake humwumiza, na kiganja kikisogea karibu kifaa hupiga mluzi. Tulikubaliana kwamba mazungumzo yote yamalizike akiwa amevivaa, mbele ya kioo, na baada ya hapo avivue na kuviweka ndani ya kikopo chenye mfuniko, mbali na chupa yangu ya kunyunyizia maji. Utaratibu huu mdogo ndio uliokosekana kwa wale vinyozi wawili waliotangulia. Walimwuliza maswali ya maana, lakini waliyauliza akiwa ameshavua.

Nilianza juu. Hakusema nywele za "kuchana kidogo" ni za urefu gani, na neno hilo kwa watu wawili lina maana mbili, kwa hiyo nilivalisha namba nne na kufuata nywele kutoka utosini kuja mbele, kama mzee wa Morogoro. Ilipunguza kidogo sana, ikasawazisha tu. Nikamgusa begani, nikamwonyesha kwenye kioo, naye akabana vidole viwili kuashiria chini kidogo. Nikapitisha namba tatu, bado kwa kufuata, nikamwonyesha tena, akainua dole gumba. Kama ningeanza na namba mbili kwa sababu tu ndiyo namba aliyoizoea, angepata kichwa cha Morogoro, ambacho alikipenda, lakini sicho alichokuwa anakiomba safari hii.

Pia mbili za utosini zilinichukua muda kuliko nilivyotegemea. Kwenye pia, nywele huota kwa kuzunguka, na penye pia mbili zilizo jirani, zinazozunguka pande tofauti, nywele za katikati husukumana na kusimama. Ukipitisha mashine kwa mkono ulionyooka, upande mmoja wa kila pia utakuwa umefuatwa na upande wa pili umepingwa, na ule uliopingwa utaonekana kama kidoa cha upara. Wateja wengi wenye pia huambiwa kwamba nywele zao zinaanza kunyonyoka utosini, kumbe ni mkono wa kinyozi uliopita moja kwa moja. Nilizungusha mashine taratibu nikifuata mzunguko wa kila pia, na kile kishungi cha katikati nikakiacha kwenye namba nne ilhali kilichobaki kipo namba tatu, kwa sababu nywele zinazosimama huonekana fupi zaidi zikikatwa sawa na zinazolala, na ngozi yake huonekana upesi. Ukitazama kwa karibu utaiona tofauti, lakini kwa hatua moja nyuma hutaiona.

Pembeni sina mengi ya kusema. Fedi ilikwenda kama fedi nyingine, isipokuwa nyuma ya sikio la kushoto ambako lile kovu lilikuwa linakata njia ya kivuli. Niliuanzisha mstari wa chini juu kidogo ya kovu upande huo, na upande wa kulia nikaupandisha vilevile ili pande zote zilingane. Kifaa chake hukaa hapo hapo, kwa hiyo akivaa, kovu halionekani kabisa.

Mbele ndiko tulikotofautiana kwa muda mrefu zaidi. Aliomba laini iliyonyooka yenye kona, lakini laini yake ya asili ilikuwa bado inarudi kutoka pale ilipokuwa imesukumwa. Nilimnyunyizia maji kidogo, nikazivuta nywele za mbele kwa kichana, na kwa mwanga wa dirishani yakaonekana mambo matatu tofauti kwenye paji lake: nywele nzito zilizoachwa na kinyozi wa pili, mbele yake ukanda wa vinyweleo vifupi vigumu vinavyolingana unene na nywele zenyewe, na mbele zaidi malaika, zile nyembamba laini zisizo na rangi nzito. Laini halisi ya mtu ipo pale vinyweleo vigumu vinapoishia na malaika kuanzia. Anayechonga ndani ya vinyweleo vigumu anairudisha laini nyuma, na baada ya wiki mbili mteja atakuwa na ndevu za paji la uso. Kisha inabidi achonge tena mahali pale pale ili asionekane mchafu, na kila kinyozi mpya huongeza milimita moja kwa ajili ya usafi wa laini yake mwenyewe. Nimewaona vijana ambao paji lao limepanda kwa namna hii hadi wakadhani ni upara wa ukoo.

Panja la kulia liliongeza ugumu. Kona aliyoiomba ingetaka pande zote mbili zilingane, na kwa kuwa kulia nywele ni chache, njia ya kulinganisha ingekuwa ama kuikata ya kushoto ili ifanane na ya kulia, ama kuipaka ya kulia rangi nyeusi. Sikutaka kufanya lolote kati ya hayo siku hiyo ya kwanza. Nilimwandikia kwamba nitasafisha malaika peke yake, bila kukata unywele mgumu hata mmoja, na kwamba laini itakuwa na upinde kidogo kwa safari mbili hivi, mpaka ukanda ule ukamilike. Hapa aliinua kiganja. Aliandika kwamba wanafunzi wake wa kidato cha nne hawaachi kuchungulia paji lake, naye angependa litoke safi sasa hivi. Nilimwelewa, na nilimpa suluhisho la kati: nilipunguza zile nywele nzito za nyuma ya ukanda kwa namba moja na nusu, upana wa nusu sentimita tu, ili zikaribiane urefu na vinyweleo vinavyoota. Laini haikuwa kali, lakini mabua yale hayakujitokeza tena yakiwa peke yake. Alikubali, ingawa niliona hajaridhika sana.

Ndevu niliziunganisha kwa kushusha kivuli cha fedi mbele ya sikio hadi kikutane na ndevu za nusu namba, na chini ya taya nikatumia mashine ya kawaida kwa kufuata ndevu bila kuvuta ngozi. Kichwa kizima kilichukua dakika 55. Kwa kawaida humaliza kwa dakika 30.

Nilimwomba anitumie ujumbe siku ya nne, pamoja na picha ya ukosi. Picha ilipokuja, pembeni ya masikio palikuwa safi, na vile vipele viwili vya zamani vilikuwa havijabadilika, lakini kona ya kulia ya ukosi ilikuwa na vipya viwili vidogo vyekundu. Niliitazama picha ile kwa muda mrefu kabla sijaelewa. Nusu namba sikuwa nimeivua, wembe sikuushika. Lakini nilikumbuka kwamba pale konani, ili kivuli kisikatike ghafla kwenye shingo, nilikiinamisha kichana kikasimama kwa ncha yake, na kichana kikisimama hivyo meno hugusa ngozi moja kwa moja, namba ikabaki jina tu. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la ukubwa wa ukucha. Nilimwandikia hivyo, nikamwomba asivikamue wala asivikune, akiweza avae shati la kola laini kwa siku kadhaa, na nikamweleza kwamba vile viwili vigumu vya zamani havimo katika uwezo wa kinyozi. Kipele cha ukosini kinachodumu kwa miezi, kinachotoa damu au usaha, au kinachokua, ni cha daktari wa ngozi, na kadiri kinavyoonwa mapema ndivyo kinavyotibika kwa urahisi, kwa kuwa kovu likishaota hutibiwa kwa shida. Alikwenda kliniki ya ngozi wiki iliyofuata, akapewa dawa ya kupaka.

Aliporudi baada ya siku 22, vipele vipya vilikuwa vimekwisha bila kuacha alama, na kile kilichokuwa kikitoa damu kilikuwa kimeanza kunywea. Safari hii nilipanda ukosi mzima hadi namba moja, milimita 3, na konani nikakata kwa mkasi juu ya kichana cha mkononi badala ya mashine. Fedi ikawa na kivuli kizito nyuma kuliko pembeni. Kwa jicho la kinyozi ni kasoro, kwa sababu fedi nzuri huzunguka kichwa kwa kimo kimoja, lakini kwa ukosi ule sikuona njia nyingine ya haki.

Laini ya mbele ilikamilika safari ya tatu. Ukanda wa vinyweleo ulikuwa umeungana na nywele nyingine, na niliposafisha malaika kona ya kushoto ilijitokeza yenyewe. Ya kulia ilibaki hafifu zaidi, nami nikaiacha hivyo, nikaizungusha ya kushoto kidogo tu bila kuikata nyuma. Alijitazama kwenye kioo akigeuza uso kushoto na kulia, akavaa vifaa vyake, kisha akaniomba ile barua yake, ambayo nilikuwa nimeihifadhi kwenye droo ya vifaa. Akakata kwa kalamu neno "ukosi" kwenye ile sentensi ya fedi ya ngozi, na pembezoni akaongeza mistari miwili: ukosi namba moja, konani mkasi, mbele malaika tu. Akaikunja na kunirudishia.